Mafaili Mawili Yaliyosubiriana

Kama si rangi ya ukuta, trei ile ingebaki juu ya kabati mpaka mende wairithi.

Mafundi rangi walikuwa waingie masjala siku ya Jumatano, na mkuu wa ofisi alikuwa ametoa amri kwamba kila kilicho juu ya makabati kishushwe. Karani wa masjala, ambaye ofisi nzima ya elimu ilimwita Dada Masjala, alipanda juu ya kiti akaanza kushusha: maboksi ya chaki yaliyosahauliwa, feni iliyokatika shingo, na mwishoni kabisa, nyuma ya feni, trei ya mbao yenye kibandiko kilichokauka kikajikunja. Kiliandikwa INASUBIRI.

"Hiyo usiiguse," tarishi alimwambia kutoka mlangoni. Alikuwa mzee mwembamba aliyezeekea kwenye ofisi hiyo hiyo, akawaona mabosi wakija na kuondoka kama misimu ya mvua. "Hiyo ni makaburi. Ukifukua utaulizwa wewe ndiwe uliyeua."

"Wafu hawapakwi rangi, mzee wangu. Nishikie kiti."

Dada Masjala alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kulamba kidole kabla ya kufunua karatasi na kisha kukikasirikia kidole chake. Hakuwa amesomea kazi ya masjala. Alikuja ofisini kama mpiga chapa wakati mashine za chapa zinakufa, na walipokosa pa kumweka wakampeleka chumba cha mafaili, wakidhani watu wa aina yake hukaa humo kimya hadi wastaafu. Alikaa, na akakipenda. Alipenda kwamba kila mtu katika wilaya, hata yule ambaye hakuna anayemkumbuka, alikuwa na mahali pake kwenye rafu, na namba yake, na kamba yake iliyofungwa vizuri.

Trei ilikuwa na mafaili kama kumi na mawili. Mengi yalikuwa mambo yaliyokwisha yenyewe: mtu aliyeomba likizo ya masomo akaacha kazi, mwingine aliyelalamikia mkuu wake wa shule ambaye tangu hapo amefariki. Hayo aliyaandikia "hifadhi" na kuyapanga upande. Faili la juu kabisa ndilo lililomfanya akae chini.

Lilikuwa faili la mwalimu wa kike wa shule moja ya huko milimani. Upande wa kulia, barua za mwisho zilikuwa zimepewa namba zao kwa kalamu nyekundu, kama inavyotakiwa. Ya mwisho kabisa iliandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa mwalimu wa madarasa ya chini, mkubwa na wa mviringo, kana kwamba afisa atakayeisoma naye anajifunza kusoma.

Mwalimu aliomba uhamisho wa kubadilishana. Alieleza kwamba amempata mwenzake, mwalimu wa kiume wa shule ya mjini, ambaye kwao ni kule milimani na angependa kurudi. Hivyo serikali haitapoteza kitu, kila shule itabaki na mwalimu wake. Sababu yake ilikuwa mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi mjini peke yake na jirani wa kumwangalia. "Mama yangu ameanza kusahau," aliandika. "Juzi alisahau jiko likawaka hadi sufuria ikatoboka. Jina langu bado analijua. Ninaomba nisogee karibu naye wakati bado analijua."

Dada Masjala alilamba kidole, akafunua upande wa kushoto, kwenye karatasi ya madokezo, ambako maafisa huandikiana. Afisa wa wakati huo alikuwa ameandika mstari mmoja: "Tunasubiri barua ya mwenzake. Leta tena itakapofika." Chini yake, sahihi. Chini ya sahihi, hakuna kitu.

Alijua mara moja lilikotokea kosa.

Katika masjala, faili halijileti lenyewe. Afisa akitaka kuliona tena, huandika "leta tena" na tarehe. Karani huchukua tarehe hiyo akaiandika kwenye shajara, kwenye ukurasa wa siku hiyo, na kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, hufungua ukurasa wa leo na kwenda kutoa mafaili yaliyoandikwa humo. Ni kazi ndogo lakini ndiyo roho ya ofisi. Sasa huyu afisa hakuandika tarehe. "Itakapofika" haina ukurasa. Faili lisilo na ukurasa huwekwa kwenye trei, na trei huwekwa juu ya kabati, na mbele ya trei mtu huja akaweka feni mbovu.

Aliinua macho kwenye mhuri wa "Imepokelewa". Barua ilikuwa na umri wa miaka mitatu na ushee.

"Umemwona nani humo?" tarishi akauliza. "Umenyamaza kama umesoma jina lako."

"Nimeona mtu aliyesubiri barua ya mwenzake, nayo haikuja."

"Basi mwenzake alimgeuka. Watu ndivyo walivyo. Mkubaliane leo, kesho ana mambo yake."

Huenda mambo yangeishia hapo. Lakini alipokuwa akiendelea kumaliza trei, akafika faili la chini kabisa, lililobanwa hadi likashika umbo la mbao. Mwalimu wa kiume, shule ya mjini. Alifunua akasoma barua ya mwisho, kisha akairudia, kisha akageuza karatasi ya madokezo.

Afisa mwingine, kwa wino mwingine: "Tusubiri barua ya mwenzake. Iletwe ikifika."

Alicheka bila kupenda. Halafu hakucheka tena.

Wakati ule maafisa walikuwa wamegawana shule: mmoja alishika za milimani, mwingine za mjini, na walikaa vyumba tofauti. Mwalimu wa kike alileta barua yake kwa afisa wake, mwalimu wa kiume kwa wake. Kanuni ya uhamisho wa kubadilishana ni kwamba nakala ya kila barua iingie kwenye faili la mwenzake, ili anayelifungua lolote kati ya hayo mawili aone ombi zima. Walimu walileta nakala moja moja, hakuna aliyewaambia zinatakiwa mbili, na hakuna karani aliyetoa nyingine. Kwa hiyo nusu mbili za ombi moja ziliingia trei moja, moja juu na nyingine chini, zikasubiriana. Maafisa wenyewe walihamishwa wote wawili kabla hawajamhamisha mtu.

Jioni ile nyumbani alichelewa kuketi. Aliishi na shangazi yake, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, aliyekuwa akikunja nguo zilizoanuliwa.

"Leo umeolewa na faili gani?" shangazi akauliza.

Akamsimulia. Shangazi aliendelea kukunja, lakini taratibu.

"Na huyo mama yake yu hai?"

"Ndicho ninachoogopa kuuliza, shangazi."

"Uliza. Kuogopa kwako hakumfufui wala hakumuui." Akakunjua shuka aliyokwisha kuikunja, akaanza upya. "Mimi ukinichelewesha miaka mitatu, mwanangu, utanikuta nagombana na kuta."

Kesho yake alimpigia simu mwalimu mkuu wa shule ya milimani, akaomba kuzungumza na mwalimu. Ilichukua muda, alisikia watoto wakiimba jedwali la kuzidisha, kisha pumzi ya mtu aliyekimbia.

"Hapa ni masjala ya wilaya, mwalimu. Naomba kukuuliza. Lile ombi lako la kubadilishana, bado unalihitaji?"

Sauti ilirudi kavu: "Dada, kama ni utani, niko darasani."

"Si utani. Mama yako hajambo?"

"Yupo. Anaishi. Kila Ijumaa nikitoka nashuka mjini, Jumapili napanda. Mwili wake mzima. Jina langu siku nyingine analo, siku nyingine hana." Akasita. "Kwa nini mnaniuliza leo? Yule bwana si alinikimbia? Tulikutana semina, tukaagana vizuri, nikaleta barua yangu. Yeye kimya. Nikimwona njiani napita upande mwingine."

"Naomba uje ofisini, mwalimu. Njoo Ijumaa, mapema."

Mwalimu wa kiume hakuhitaji kuitwa mara mbili. Alikuja siku hiyo hiyo, mtu mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akasimama kwenye kaunta akiwa tayari amekasirika.

"Yule mama ndiye aliyenigeuka," alisema. "Mimi barua yangu nilileta kwa mkono wangu huu. Mkanipigia mhuri, ninayo nakala nyumbani. Nikasubiri mwaka mzima. Mke wangu akawa ananiuliza kila mwezi, sema wanasemaje, nami sina la kusema."

"Yeye naye barua yake ilifika, mwalimu. Siku mbili kabla ya yako."

Alimgeuzia mafaili yote mawili juu ya kaunta, akayafungua ubavu kwa ubavu. Mtu wa nje hasomeshwi faili. Jambo hilo alilijua, na tarishi aliyekuwa amesimama pembeni alilijua pia, akageuka akaanza kuangalia dirisha kwa makini sana. Mwalimu alisoma dokezo la kushoto, kisha la kulia. Akarudia la kushoto.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa namsubiri yeye."

"Naye anakusubiri wewe."

"Ndani ya kitu kimoja."

"Trei moja, ndiyo."

Akavuta kiti akakaa, bila kukaribishwa. Alipozungumza tena, hasira ilikuwa imeondoka na kuacha kitu kizito zaidi. "Dada yangu, mimi siwezi tena kuhama. Mke wangu alichoka kungoja, akahamia huku na watoto. Ana cherehani yake pale sokoni, wateja wamemzoea. Wanangu wako shule. Kule kwetu nyumba imeshauzwa bati. Nikimwambia leo turudi, atanirudisha peke yangu."

Dada Masjala alikuwa ametegemea mengi, lakini si hilo. Bila yeye hakukuwa na kubadilishana, na bila kubadilishana, barua ile ya mwandiko wa mviringo ilikuwa karatasi tu.

Alimpelekea bosi mafaili alasiri. Bosi alikuwa kijana msomi, mwenye heshima, anayekaimu ukuu wa kitengo tangu mwaka uliopita, na kila mtu alijua kwamba barua ya kumthibitisha ilikuwa njiani. Mtu anayekaimu hutembea ofisini kama aliyebeba maji kichwani.

Alisoma, akashika kipaji cha uso. "Ajabu. Maskini. Basi mwambie aandike ombi jipya, la uhamisho wa kawaida. Tutalishughulikia."

"Waraka, bosi."

Alikuwa ameusahau. Waraka ulikuwa umetoka mwezi uliopita: maombi yote yaliyopokelewa baada ya tarehe yake yasimame hadi uhakiki wa watumishi ukamilike, na uhakiki uliopita ulikula karibu miaka miwili. Yaliyopokelewa kabla yaendelee. Ombi jipya lingepigwa mhuri wa wiki hii na kukaa foleni ambayo haina mkia.

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Ombi lake lipo, bosi, na mhuri wake ni wa zamani. Lililokufa ni lile la kubadilishana. Haja yenyewe haijafa. Ukimwandikia mkurugenzi dokezo, ukaeleza kwamba mwenzake amejitoa kwa sababu ofisi ilichelewa, unaweza kuomba lishughulikiwe kama uhamisho wa kawaida kwa tarehe ile ile. Nafasi ipo. Yule mwalimu wa darasa la pili pale mjini anastaafu mwisho wa muhula."

"Na mkurugenzi akiuliza, ofisi ilichelewa vipi?"

Dada Masjala aliyasawazisha mafaili mezani. Alikuwa amelijua swali hilo tangu ngazini.

"Ngoja nikwambie kama dada yangu," bosi akasema kwa sauti ya chini. "Jina langu liko mezani kwake sasa hivi. Kitu cha kwanza atakachokiona kutoka kwangu kiwe kwamba kitengo changu kiliweka watu wawili juu ya kabati?"

"Hukuwepo wakati huo. Hata mimi sikuwepo masjala."

"Anayesaini ndiye anayekuwepo."

Alisema kweli. Dada Masjala akaacha mafaili mezani, akasema tu kwamba mwalimu wa milimani atafika Ijumaa, na kwamba angependa bosi aonane naye mwenyewe. Njiani kurudi alijilaumu kwa kutosema zaidi. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Maneno mazuri yalimjia kwenye korido.

Ijumaa mwalimu wa kike alifika na begi lake la safari za wikiendi, viatu vimejaa vumbi jekundu. Alikuwa mfupi, mwenye uso wa mtu aliyezoea kutabasamu kwa ajili ya watoto wa watu. Alipoingia masjala, yenye harufu ya rangi mbichi, akamkuta mwalimu wa kiume ameketi kwenye benchi. Naye alikuwa ameambiwa, akaja.

"Shemeji," mwanaume alisema, akisimama.

"Usiniite shemeji. Uliniacha kwenye mataa."

"Wewe ndiwe uliyeniacha. Tazama." Akamwelekeza kwenye kaunta.

Dada Masjala hakuyafungua mafaili safari hii. Aliwasimulia kwa mdomo, polepole, bila kumtaja afisa yeyote. Mwanamke alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaketi kwenye benchi karibu na mwenzake, begi mapajani.

"Mimi nilikutukana kwa mama yangu," akamwambia. "Kila wiki. Nikamwambia kuna bwana mmoja mwongo. Amesahau mengi, hilo amelishika. Mwongo hajambo? ananiuliza."

"Mwambie hajambo. Anakusalimu."

Wakacheka wote wawili, na tarishi akacheka. Kisha mwanaume akamweleza kuhusu mke wake na cherehani na watoto. Alijieleza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika. Mwanamke alimgusa mkono.

"Hata ningekuwa mimi nisingerudi. Usihangaike."

"Nimeandika barua ya kujitoa," akasema, akatoa bahasha mfukoni. "Lakini nimeandika na kwa nini. Nimeandika kwamba nilikuwa tayari siku ile, na mwenzangu alikuwa tayari siku ile, na mihuri yetu inashuhudia. Nimeleta nakala mbili."

Bosi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyejua tangu lini. Alisalimia, akaichukua barua, akaisoma akiwa amesimama, kisha akamuuliza mwanamke swali moja tu: "Mama anakaa mtaa gani?" Akatajiwa. Akatikisa kichwa kama mtu anayepaona. Akaondoka na barua.

Dokezo lilipanda kwa mkurugenzi jioni hiyo. Dada Masjala ndiye aliyelipeleka, kwa hiyo ndiye aliyelisoma. Halikuwa refu. Sentensi ya pili ilisema: "Kosa ni la kitengo hiki, na ninaomba tarehe ya kupokelewa isibadilike." Mwishoni palikuwa na "leta tena", na tarehe. Aliiandika kwenye shajara kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote.

Mkurugenzi aliuliza. Bosi aliitwa juu, akakaa huko muda mrefu, akarudi akiwa ameshika kalamu bila kifuniko na hakumweleza mtu yaliyosemwa. Barua yake ya kuthibitishwa haikufika mwezi ule, wala uliofuata. Ya uhamisho ilifika.

Mwalimu aliripoti shule ya mjini mwanzoni mwa muhula. Sheria inamtaka aliyehama alete mwenyewe taarifa ya kuripoti, ili ipewe namba na kuingizwa kwenye faili lake, na baada ya wiki hivi akaileta. Dada Masjala aliigonga mhuri, akaandika namba kwa kalamu nyekundu.

"Umempelekea mama habari?" akamuuliza.

"Nilimpelekea siku ile ile niliyohamia. Niliingia na masanduku, akanipokea vizuri sana. Akanipa kiti. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia mimi ni mwalimu. Akafurahi." Alikuwa akiongea huku akitazama mhuri ukikauka. "Akaniambia, mwanangu naye ni mwalimu, yuko huko milimani, wamemng'ang'ania. Ukimwona mwambie mama yake anamsubiri."

Dada Masjala akaweka kalamu nyekundu chini.

"Nikamwambia nitamwambia," mwalimu akasema. "Halafu nikaenda jikoni kupika, maana alikuwa na njaa. Alipokula akaniuliza kama naweza kulala, kumekuchwa. Nikamwambia ndiyo, mama, nalala hapa. Akasema basi vizuri, chumba cha mwanangu ni kitupu."

Akachukua nakala yake, akaikunja, akasema lazima awahi, jirani anaondoka saa kumi na mama hapendi kuachwa peke yake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Jana asubuhi aliniita kwa jina langu. Mara moja. Nilikuwa namfunga nywele."

Kisha akatoka, na Dada Masjala akabaki amesimama mbele ya kaunta, kidole mdomoni, hajui alikuwa anataka kufunua nini.